Kabla ya Kuitoa Namba ya Mwenzetu



Hapa Bukavu ombi hili husikika kila siku: nje ya kanisa baada ya misa, katika uwanja wa shule, sokoni Kadutu, na mara nyingi zaidi kwa ujumbe mfupi wa simu. "Mwalimu, nitumie namba ya Mama fulani." Ombi huja kwa adabu, na anayeomba huwa ni mtu tunayemfahamu. Kidole hugusa jina, hugusa neno la kutuma, na kazi imekwisha. Sisi wakatekista, walimu, makarani wa shirika na viongozi wa vyama vya walei huombwa hivyo kuliko wengine, kwa kuwa simu zetu zimejaa namba za watu. Nao hawakutupatia namba hizo kwa sababu ya urafiki tu. Walitupatia kwa ajili ya kazi: mafundisho ya mtoto, mchango wa msiba, zamu ya kusoma neno.

Zamani, mgeni aliyemtafuta mtu huko Bagira au Panzi alilazimika kuuliza njia. Watoto walimsindikiza, wenye kukaa barazani walimtazama usoni, na mama aliyekuwa anachambua sombe aliuliza kwa sauti, "Huyu anatoka wapi?" Kabla mgeni hajafika mlangoni, habari yake ilikuwa imekwisha kumtangulia, na mwenye nyumba alikuwa na nafasi ya kuamua: atoke kumlaki, au amtume mtoto aseme kwamba baba hayupo. Namba ya simu haina baraza. Anayeipata huingia moja kwa moja hadi kitandani, saa sita ya usiku, bila mtu yeyote kumwona akipita.

Tena namba haiendi peke yake. Kadi za simu huandikishwa kwa jina la mtu na kitambulisho chake, na huduma za kutuma pesa kwa simu mara nyingi humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla hajathibitisha. Kusudi lake ni jema, kwani humzuia mtu asitume faranga kwa asiyemkusudia. Lakini maana yake ni kwamba mwenye namba isiyo na jina anaweza kujifanya anataka kutuma kiasi kidogo, akasoma jina kamili kwenye kioo, kisha akaacha bila kutuma kitu. Akiihifadhi namba hiyohiyo katika WhatsApp, huiona picha ya mwenyewe, ikiwa hakuizuia: pengine amesimama mbele ya nyumba yake, pengine amembeba mtoto aliyevaa sare ya shule inayotambulika. Kwa hiyo aliyeomba namba tu amepewa jina, sura, na labda mtaa. Na matapeli wanaopiga simu wakisema wametuma pesa kwa makosa na wanaomba zirudishwe husadikiwa zaidi wanapoanza kwa kumtaja mtu kwa jina lake na kwa jina la chama chake.

Hatusemi haya ili tuogope simu. Tangu benki zilipofunga milango mwaka 2025, familia nyingi za mji huu zimeishi kwa pesa zinazopita ndani ya simu, na jamaa waliotawanyika hupatana kwa njia hiyohiyo. Namba lazima ipite kutoka mkono hadi mkono. Swali letu ni dogo zaidi: inapopita, ipite upande gani?

Jibu lililo bora kuliko yote tunayoyafahamu halikuanzia kwenye simu. Lilianzia kwa watu waliopotezana vitani, na sisi wa Kivu tumeliona kwa macho yetu. Mwaka 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walipovuka Ruzizi na kujaa pande za Bukavu, watoto wengi walikuwa wametengana na wazazi wao, na watu wazima hawakujua nani yu hai. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilifanya kazi ya kuwatafuta, kazi iliyokuwa imeianza kwa mpango mkubwa huko Geneva tangu mwaka 1914, wakati wa vita kuu ya kwanza, kwa vikaratasi vilivyoandikwa majina ya wafungwa. Wengi wa umri wetu wanaikumbuka ile karatasi ya ujumbe wa Msalaba Mwekundu: ukurasa mmoja, usiofungwa, wenye habari za familia tu, bila siasa na bila habari za vita, ukipelekwa na mtu wa kujitolea kwa miguu hadi mkononi mwa aliyeandikiwa.

Ukiitazama kazi hiyo kwa makini, utaona kwamba ujumbe ndio uliosafiri kwenda kwa anayetafutwa. Anwani yake haikusafiri kwenda kwa anayetafuta. Mtu anapokuja na kusema, "Namtafuta dada yangu," mtumishi wa Msalaba Mwekundu huandika habari za huyo anayetafuta na jinsi anavyopatikana. Kisha wenzake huenda kumtafuta dada. Wakimpata, hawarudi na anwani yake mfukoni. Humwambia kwanza nani anamtafuta, na humwuliza kama anakubali mahali alipo pajulikane. Akikubali, anwani hutolewa. Akikataa, haitolewi, hata kama anayeomba ni ndugu wa tumbo moja na ana machozi usoni. Kuna anayependa ijulikane tu kwamba yu hai, na hilo pia huheshimiwa.

Mtu asiyejua vita anaweza kuuona utaratibu huo kuwa ni ukali. Ni nani asiyetaka kupatikana na ndugu yake? Lakini waliotunga utaratibu huo walijua kwamba si kila atafutaye hutafuta kwa upendo. Mume aliyepiga hutafuta. Mdai hutafuta. Aliyemshitaki mwenzake kwa wenye silaha naye hutafuta, tena huja na maneno mazuri kuliko ndugu wa kweli. Mtumishi aliyeketi mezani hana darubini ya kuona mioyo. Kwa hiyo hatakiwi kuupima moyo wa anayeomba. Anatakiwa kumpa nafasi anayemjua, yaani yule anayetafutwa. Hapo ndipo tunapoona hekima yake: uamuzi huhamishwa kutoka kwa mtu asiyejua hadi kwa mtu anayejua.

Hata hivyo kazi hiyo imeonja uchungu wa kuibiwa. Mwezi wa Januari 2022 Kamati hiyo ilitangaza kwamba wavamizi wa kompyuta waliingia mahali zilipohifadhiwa habari za watu zaidi ya 515,000, waliotenganishwa na jamaa zao, waliopotea, na walio kifungoni, habari zilizokusanywa na vyama vya kitaifa visivyopungua 60. Tunalitaja tukio hilo kwa sababu moja tu. Kama watu waliozoea ulinzi wa namna ile wanaweza kuvamiwa, basi daftari la karani wetu na simu yenye kioo kilichopasuka, isiyo na hata neno la siri, havina ngome yoyote. Namba ambayo hatukuiandika pasipo lazima haiwezi kuibwa kwetu.

Sasa tuone jinsi utaratibu huo unavyofanyika katika shirika la kawaida. Tunasimulia tukio moja, na baadhi ya alama zake tumezibadili ili wahusika wasitambulike; ingekuwa ajabu kufanya kinyume katika maandishi kama haya.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza vitenge aliuacha mji pamoja na watoto wake watatu wakati vita vilipoingia Bukavu, mwezi wa Februari 2025. Miezi ikapita. Siku moja shemeji yake alifika kwetu akaomba namba mpya ya mama huyo. Alisema kuna kiwanja cha marehemu kaka yake ambacho jirani anataka kukinunua, na saini ya mjane inahitajika upesi. Maneno yake yalikuwa na mantiki. Pengine yalikuwa kweli yote.

Hatukumwambia kwamba tunayo namba, wala kwamba hatunayo. Hili ni jambo la kwanza, na watu wengi hulisahau. Kusema "ninayo, lakini siwezi kukupa" tayari ni kutoa habari: kwamba mtu yu hai, kwamba anapatikana, na kwamba sisi ndio wa kusukumwa. Kusema "sina" ni uongo. Neno tulilotumia ni hili: "Baba, hapa hatutoi namba ya mtu yeyote. Utuachie yako na ujumbe wako. Tukiweza kuufikisha, tutaufikisha, na mwenyewe atakutafuta akipenda." Alipoona kwamba sheria hiyo ni ya wote, na kwamba hata namba yake yeye haingetolewa, hasira yake ilipungua kidogo. Kwa hiyo tunashauri kila shirika litangaze utaratibu wake mapema, kabla mtu hajaomba, ili anayekataliwa asidhani kwamba ametuhumiwa peke yake.

Tuliandika mambo matatu kwenye karatasi: jina lake na namba yake, shabaha yake kwa sentensi moja, na kama anakubali tumwambie mama kila alichokisema. Jambo la tatu linamshangaza mwombaji, lakini ni haki yake pia. Habari zake ni zake. Kisha tulimsomea aliyoyasema ili asije akadai baadaye kwamba tulibadili maneno.

Jioni tulimpigia mama simu. Hatukumwandikia ujumbe, kwa maana simu za nyumba nyingi husomwa na watu wengi: mtoto huicheza, mwenye nyumba aliyekupokea huiazima, na ujumbe hujitokeza kwenye kioo hata kikiwa kimefungwa. Swali letu la kwanza lilikuwa, "Mama, unaweza kuongea sasa?" Alipotoka nje, tulimweleza nani anamtafuta na kwa sababu gani, bila kuongeza neno la kumsukuma. Hatukusema "ni shemeji yako, usimkatae," wala "umtahadhari." Alinyamaza. Kisha akauliza, "Aliulizia watoto?" Tukamjibu kwa ukweli kwamba hakuwataja.

Jibu lake halikuwa ndiyo wala hapana. Alisema hataki namba yake ifike huko, lakini suala la kiwanja lipelekwe kwa kaka yake mkubwa, mjomba wa watoto, naye atasema kwa niaba yake. Basi kazi ikaanza upya, kwa sababu namba ya mjomba si mali ya dada yake. Tulimpigia mjomba, tukamwuliza vilevile, akakubali, akaongeza sharti: apigiwe mchana tu. Ndipo tulipompatia shemeji namba ya mjomba pamoja na sharti lake. Yote hayo yalichukua siku mbili. Shemeji alituambia kwamba tunamficha mke wa kaka yake. Tulimwacha aseme. Karatasi yenye ujumbe tuliichoma jikoni baada ya kazi kwisha.

Kutokana na tukio hili, walimu wenzetu wataona kwamba kuomba ruhusa si kuuliza tu "naweza kutoa namba yako?" Swali hilo ni tupu. Mtu hawezi kukubali jambo asilolijua. Inafaa ajue ni nani anayeiomba, kwa kazi gani, na ni kitu gani hasa kitakachotolewa: namba anayopokelea pesa au ile ya WhatsApp, barua pepe ya kazini au ya nyumbani. Watu wengi wana kadi mbili za simu kwa makusudi, nao hupenda kuchagua mlango upi ufunguliwe. Na asiyejibu hajakubali. Tumesikia mara nyingi, "Nilimwandikia, hakujibu, nikajua hana neno." Huenda hana salio, huenda simu haina moto, huenda anaogopa kukukatalia kwa sababu wewe ni kiongozi wake. Hofu hiyo ya mwisho ituhusu zaidi sisi tunaoitwa walimu. Mtu akitaka kumkatalia mkatekista, huona haya. Kwa hiyo tumrahisishie: "Ukikataa, nitasema tu kwamba ujumbe umefika, sitasema zaidi." Wala tusimdai sababu.

Kibali nacho huzeeka. Aliyekubali mwaka jana namba yake itolewe kwa wanakwaya kwa ajili ya safari moja hakukubali itolewe mwaka huu kwa muuza sabuni aliyeko katika kwaya hiyo. Na kadi ya simu isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake huweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Tumekwisha kuona mgeni kabisa akipokea habari za msiba wa familia asiyoijua. Kwa sababu hiyo daftari la namba linafaa kusahihishwa, na zilizokufa zifutwe.

Mama wa vitenge tuliyemtaja alibadilisha namba yake baada ya miezi miwili. Namba yake ilikuwa imevuja, si kwa mtu aliyeiomba, bali kwa orodha ya mahudhurio.

Wenye kuhudhuria semina katika mji huu wanaijua karatasi hiyo. Ina safu za jina, kazi, mahali anapotoka mtu, namba ya simu na saini, nayo hutakiwa ili kuthibitisha kwamba pesa za usafiri zimelipwa. Huzunguka chumbani kutoka benchi hadi benchi. Kila anayeipokea husoma waliomtangulia. Katika semina ambayo mama huyo alihudhuria huko alikokimbilia, mmoja wa washiriki aliipiga picha karatasi nzima na kuiweka katika kundi la WhatsApp, kwa nia njema, "ili tusipotezane." Kundi lilikuwa na watu wengi kutoka sehemu nyingi. Picha ikatoka humo ikaingia katika makundi mengine, na baada ya wiki moja mama akaanza kupigiwa na watu aliowakimbia. Hakuna aliyekusudia ubaya, na hakuna aliyeweza kuirudisha picha ile.

Dawa yake si ghali. Mfadhili anahitaji saini na jina. Mara nyingi namba huwekwa kwa mazoea tu, na inafaa kuuliza kama inahitajika kweli. Ikihitajika, karatasi isizunguke. Ikae mezani kwa karani, naye kila mmoja aende kuijaza, huku safu za waliotangulia zimefunikwa kwa karatasi nyingine. Tumejaribu kwa watu arobaini, na ilichukua muda wa chai. Wanaotaka wasipotezane waandike namba zao kwa hiari kwenye karatasi nyingine, yenye kichwa kinachosema wazi kwamba itatolewa kwa wote waliomo chumbani. Utashangaa kuona ni nani hajiandiki, wala usimwulize.

Makundi ya WhatsApp yana tabia ileile ya karatasi inayozunguka: kila aliyemo huziona namba za wote. Kwa hiyo kumwingiza mtu katika kundi bila kumwuliza ni kumtolea namba yake kwa watu wote waliomo, kwa mara moja. Mtu anaweza kujikinga kwa kwenda kwenye `Paramètres`, kisha `Confidentialité`, kisha `Groupes`, na kuchagua `Mes contacts`, ili asiowajua wasimwingize popote. Lakini wanaomwingiza mtu kwa kawaida ni sisi tunaomjua, kwa hiyo ulinzi huo hauzuii mkono wetu. Pale ambapo shirika linataka kutangaza tu, bila mazungumzo, ni afadhali kutumia njia ya `Liste de diffusion`: ujumbe humfikia kila mtu peke yake, wala hamwoni mwenzake. Upungufu wake ni kwamba haumfikii asiyekuwa ameihifadhi namba ya mtumaji katika simu yake, basi karani awaambie watu wahifadhi namba ya shirika kwanza.

Barua pepe tunaitumia kidogo zaidi, lakini kosa lake ni kubwa zaidi, kwa sababu hukaa miaka. Anayewaandikia watu wengi wasiofahamiana aweke anwani zao katika nafasi ya `Cci`, na anwani yake mwenyewe katika nafasi ya mpokeaji. Akitumia `Cc`, amewagawia wote anwani za wote. Na anayepeleka mbele barua aliyoipokea ashuke hadi chini kabla ya kuituma. Huko chini ndiko hulala barua za zamani zilizojibizana, zenye anwani, namba za simu chini ya majina, na pengine maneno ambayo mtu alimwandikia mmoja tu. Yafutwe yote yasiyohusika. Aliyezoea kufanya hivyo anatumia dakika moja.

Kanisa halijifunzi jambo hili leo. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inamtaka paroko avitunze vitabu vya parokia visifike mikononi mwa watu wa nje, na kila mkatekista anajua kwamba mtu haji ofisini akafungua mwenyewe daftari la ubatizo kutafuta jina la jirani. Serikali nayo imesema: kifungu cha 31 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinalinda maisha ya faragha na siri ya mawasiliano, na Sheria ya Mambo ya Kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inaweka idhini ya mwenye habari kuwa mmoja wa misingi ya kuzitumia habari zake. Ni ajabu kidogo kwamba daftari la ubatizo tunalifungia kabatini kwa ufunguo, na daftari la namba za shirika tunaliacha juu ya benchi.

Limebaki swali ambalo huulizwa na watu wenye busara: na kama kuna hatari? Mtoto ameanguka shuleni na yuko hospitali. Mtu amefariki njiani na jamaa hawajui. Nyumba inaungua na mwenyewe yuko kazini. Hapo hatungoji ruhusa. Lakini hata hapo ni vema kugeuza njia kwanza, maana ni upesi zaidi: badala ya kumpa muuguzi namba ya mzazi na kutumaini kwamba atapiga, tunampigia mzazi sisi wenyewe palepale, na kumpa yeye namba ya hospitali. Asipopatikana, tunampa muuguzi namba, yeye peke yake, wala si umati uliosimama mlangoni. Na siku hiyohiyo tunamweleza mzazi: namba yako nilimpa fulani, saa fulani, kwa sababu hii.

Kwa haraka isiyo ya hatari hatuna msamaha huo. Anayesema "ni haraka" kuhusu kiwanja, deni, posa au kazi anaweza kungoja siku mbili, kama alivyongoja yule shemeji. Mama wa vitenge sasa ana namba nyingine. Karani wa shirika ndiye aliye nayo, imeandikwa bila jina, na pembeni yake pana maneno aliyoyataka mwenyewe: mpigie asubuhi tu, mwulize kwanza kama yuko peke yake.